Runinga ipi, ya Tizen au ya Android ya bei nafuu?

Swali: Dukani kuna runinga ya Samsung yenye Tizen na nyingine ya bei nafuu iliyoandikwa Android. Nichukue ipi?

Jibu: Samsung iliahidi masasisho ya miaka 7 kuanzia modeli za 2024, hivyo uliza mwaka. Hakikisha pia programu unazotumia zimo humo, kwani Tizen haipokei za Android.

Hiyo ya bei nafuu ijaribu palepale. Netflix ikifunguka kwa sura ya simu, inayotaka kipanya, yaelekea runinga haina idhini ya Netflix, na programu zinaweza kukataa baadaye. Kisha cheza video YouTube, rudi mwanzo, uifungue tena. Ikianza upya kila mara, huenda kumbukumbu ni ndogo, na menyu zitazidi kukwama. Hiyo iache.