Kupima Mawimbi ya Nuru kwa Simu

*Nimebandika utando wenye mistari utawanyao nuru mbele ya kamera ya simu. Rangi naziona, ila urefu wa mawimbi yake nitaujuaje? — Msomaji, Tanga*

Usitaabike, ndugu: picha hukupa nafasi tu, nayo haiwi kipimo mpaka uilinganishe na nuru ya mawimbi yanayojulikana, kama ya taa ya tyubu, ambayo zebaki yake hutoa mstari wa buluu wa nanomita 436 na wa kijani wa 546. Buluu ikiangukia pikseli ya 400, na kijani ya 840, kila pikseli ni robo nanomita. Basi mstari wa manjano wa mwali uliotiwa chumvi, ukiwa kwenye 1012, ni takriban 589, yaani sodiamu. Taa ya LED nyeupe huonyesha utepe mpana, haifai kusawazishia. Simu ikisogea, piga picha ya tyubu upya. Mistari ikififia kwa upana, finya ufa unaopitishia nuru.