Siku kumi na nne za kupinga kunyimwa kibali cha ujenzi

Mzee wangu wa Kisauni,

Nimeisoma barua ya kaunti uliyotuachia pamoja na nakala za ramani. Ulisema ukimaliza mambo ya mavuno utampa wakili kazi aende mahakamani. Naomba usingoje mavuno, na mahakamani usiende kwanza.

Barua hiyo ina tarehe mbili, na ni moja tu inayokuhusu. Wewe uliipokea tarehe 9 Aprili, lakini uamuzi wenyewe ulitolewa tarehe 3. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 kinakupa siku 14 za kukata rufaa, nazo zinahesabiwa tangu uamuzi ulipotolewa. Ukianza kuhesabu siku inayofuata uamuzi, ya mwisho ni tarehe 17. Kwa hiyo siku sita zilipotea kabla hujaifungua bahasha. Weka bahasha hiyo, maana ukichelewa hata kidogo itakuwa ushahidi wa siku uliyopata habari, ila usiitegemee kukuokoa.

Rufaa haiendi kwa afisa aliyekukatalia wala kwa jaji. Inapelekwa kwenye Kamati ya Uhusiano ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya Kaunti, ambayo pale ofisini wengi huiita laizoni. Watu wengi huiruka kamati hii kwa kuiona sehemu ya kaunti ileile, nami siwalaumu kwa shaka hiyo. Lakini mwaka 2015 Mahakama ya Rufaa iliamua kesi ya Mutanga Tea & Coffee dhidi ya Shikara Limited, na msimamo wake ulikuwa kwamba sheria ikiweka chombo cha kusikiliza mgogoro wa mipango, mtu aanze hapo kabla ya kugonga mlango wa mahakama. Ukianzia kortini, upande wa kaunti utasimama siku ya kwanza na kuomba kesi itupwe, na huenda ikatupwa bila mtu kuifungua ramani yako.

Sasa tuje kwenye barua. Katiba, ibara ya 47, inakupa haki ya kuelezwa sababu kwa maandishi pale uamuzi wa ofisi unapokugusa. Wewe umepewa sababu tatu, na kila moja inataka jibu la aina yake. Makosa ninayoyaona mara nyingi ni mtu kuandika kurasa nne za malalamiko juu ya gharama alizoingia na umri wake, kisha asiijibu hata sababu moja.

Sababu ya kwanza inadai jengo limefunika sehemu kubwa ya kiwanja kuliko inavyoruhusiwa. Nimepiga hesabu kutoka kwenye ramani. Kiwanja ni futi 40 kwa 80, yaani futi za mraba 3,200. Nyumba yenyewe chini ni futi 30 kwa 64, ambazo ni 1,920, sawa na asilimia 60. Afisa ameandika asilimia 65.6. Hiyo ziada imetoka wapi? Imetoka kwenye baraza ya mbele, futi 30 kwa 6, ambayo ni futi 180. Ukizijumlisha unapata 2,100, na hapo ndipo asilimia yake inapotokea. Lakini baraza yako haina paa. Ni sakafu iliyoinuliwa tu. Hoja yako basi iwe fupi: afisa amehesabu kama jengo kitu ambacho hakijaezekwa. Mchoraji wako aandike karatasi moja ya hesabu hii na kuitia sahihi na muhuri wake. Pia barua haikutaja kiwango kinachoruhusiwa wala mpango wa eneo kilikotoka. Liseme hilo, na uombe kaunti iuonyeshe mpango huo mbele ya kamati. Unaweza kuuomba pia kwa Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, ila ofisi ina siku 21 za kukujibu, na wewe huna siku 21. Peleka ombi leo, weka rufaa ndani ya muda, na uandike ndani yake kwamba nyaraka zaidi zitafuata.

Sababu ya pili, kwamba jengo "haliendani na hali ya mtaa", ni sentensi isiyoshikika. Haisemi ni urefu, ni matumizi au ni sura. Usijaribu kukisia walichomaanisha ukaanza kujitetea kwa jambo ambalo hawajakutuhumu. Andika kwamba sababu hiyo haikupi nafasi ya kujibu, kisha uambatanishe picha za majengo ya ghorofa tatu yaliyo kwenye barabara yako. Picha ziwe na tarehe, na kila moja ionyeshe umbali wake na kiwanja chako. Jihadhari tu na jengo lililojengwa bila kibali, kwani litakugeukia.

Ya tatu, mzee wangu, wana haki. Shimo la maji taka limechorwa karibu mno na kisima cha jirani. Nilidhani ni kosa la uchoraji mpaka nilipoona umbali wenyewe. Hapa usipigane. Mwambie mchoraji alihamishe shimo upande wa pili wa kiwanja, na ramani hiyo mpya iambatanishwe kwenye rufaa. Sheria inaruhusu kibali kitolewe kwa masharti, kwa hiyo mwishoni mwa rufaa uombe uamuzi utenguliwe na kibali kitolewe kwa sharti kwamba shimo lijengwe kama ramani mpya inavyoonyesha. Kamati ikiona umekubali palipo na kosa, itakusikiliza vizuri zaidi kwenye hesabu ya baraza.

Kuna hoja moja ambayo jirani yako alikutia moyo nayo, kwamba kaunti ikikaa kimya siku 60 kibali huhesabiwa kimetolewa. Ni kweli, imo kwenye kifungu cha 58. Lakini risiti yako ni ya tarehe 12 Februari na barua ni ya tarehe 3 Aprili, yaani siku 50. Tusiiguse hoja hiyo.

Rufaa iandikwe kwa fomu maalumu na iende kwa katibu wa kamati. Peleka nakala mbili, moja ibaki kwao, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na urudi nayo nyumbani. Ukiambiwa "iache tu hapo mezani", usiiache. Kamati inatakiwa kuamua ndani ya siku 14. Wakati mwingine haikai, ama kwa kukosa wajumbe au kwa kuchelewa kuteuliwa. Ikifika hapo, mwandikie katibu ukiuliza tarehe ya kikao, na uhifadhi barua hiyo. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ndiyo inayopokea rufaa kutoka kwa kamati, na barua zako za kuulizia ndizo zitakazoonyesha kwamba hukuiruka njia ya kisheria.

Mafundi wamekwambia wachimbe msingi kimyakimya wakati tunasubiri. Wakatalie. Kujenga bila kibali ni kosa la jinai ambalo faini yake yaweza kufika shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Tena picha ya msingi ule itakuwa ndiyo kielelezo cha kwanza cha kaunti.

Njoo kesho asubuhi na barua, bahasha, risiti ya ombi la kwanza na hati ya kiwanja. Mchoraji aje nawe, na kipimo cha mkononi akibebe, maana nataka tupime umbali wa kile kisima kabla hajachora tena.

Wako,
Mtumishi wa kujitolea, kliniki ya msaada wa kisheria