Kadi Imegoma Kuingia Kwenye Bahasha

*Tantini,*

*Ninaishi hapa Lubumbashi, mtaa wa Bel-Air, na harusi yetu inakaribia. Nilipata mfano mzuri wa kadi kwenye simu, nikaupeleka kwa mchapaji, akanitolea kumi za majaribio kwenye karatasi ngumu. Zina picha yetu tukiwa tumesimama, na fremu ya dhahabu sentimita moja kutoka ukingoni. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshanunua bahasha 200 mjini, nyeupe, zimeandikwa C6 kwenye pakiti. Kadi haziingii! Mchumba wangu anasema tuzikunje katikati. Kaka yangu anasema tukate kingo. Muuza duka anasema nirudishe bahasha nichukue kubwa zaidi. Juu ya hayo, mama mkwe anataka kadi iliyolala, mimi naipenda iliyosimama. Tufanye nini kabla hatujachapa zote 200?*

*Bibi harusi, Bel-Air*

Mwanangu,

Umefanya vizuri kuchapa kumi tu. Chukua rula upime kadi yako. Nadhani utapata milimita 127 kwa 178, yaani inchi 5 kwa 7, kwa sababu hicho ndicho kipimo cha kadi za Kimarekani, na mifano mingi ya kwenye simu inatoka huko. Bahasha yako ya C6 ina milimita 114 kwa 162. Hapo hakuna ujanja, kadi imeizidi bahasha kila upande.

Sisi huku tunatumia karatasi za familia ya A, zilizoanzia Ujerumani mwaka 1922, na Ubelgiji ikazifuata mwaka 1924. Katika familia hiyo kila karatasi ina bahasha yake. A4 ukiikata katikati unapata A5, ukiikata tena katikati unapata A6, yenye milimita 105 kwa 148. C6 ilitengenezwa kwa ajili ya hiyo A6. Ukiiweka ndani, inabaki nafasi ya milimita 9 upande mmoja na 14 upande wa pili, kwa hiyo kadi inaingia bila kusukumwa na haichezi sana. Mfano wako wa simu una familia nyingine kabisa. Hata jina la bahasha yake linaweza kukupoteza: Wamarekani huiita A7, lakini kwetu A7 ni kikaratasi cha milimita 74 kwa 105. Ukiagiza kwa jina tu bila kutaja milimita, unaweza kuletewa bahasha ya kuwekea kadi ya jina la mfanyabiashara.

Sasa ushauri uliopewa. Kukunja kadi hiyo katikati kutaifanya iingie, ni kweli, lakini mkunjo utapita juu ya picha yenu, na karatasi ngumu ambayo haikuandaliwa kukunjwa hupasuka rangi kwenye mstari. Kukata kingo nako hakufai. Ili iingie vizuri kwenye C6 ungelazimika kupunguza karibu sentimita mbili kwa upana na zaidi ya mbili kwa urefu, na fremu ya dhahabu ingeondoka yote. Kuhusu bahasha kubwa, muuza duka anaweza kukuletea B6 akisema inakaribia. B6 ina 125 kwa 176. Inapungua milimita mbili tu, lakini milimita mbili hizo zinatosha kuchana bahasha. Ile inayofuata, C5, ina 162 kwa 229, na humo kadi yako itateleza huku na huku kama mtoto aliyevaa koti la baba yake.

Mimi ningebaki na bahasha zako 200 na kubadilisha kadi. Sikushauri A6 moja isiyokunjwa, ingawa ni rahisi kuliko zote. Harusi za Lubumbashi zina maneno mengi: familia mbili kwa majina kamili, saa ya komine, saa ya kanisa, mahali pa sherehe ya usiku, namba za simu. Ukiyabana yote kwenye uso mmoja mdogo pamoja na picha, herufi zitakuwa ndogo kiasi kwamba mjomba atauliza kwa simu yale uliyoyaandika. Chapa A5, ikunjwe mara moja iwe A6. Unapata kurasa nne, na ikikunjwa ina kipimo kilekile kinachoingia C6.

Angalia na gharama. Kwenye A4 moja, kadi yako ya inchi 5 kwa 7 inatoka mara mbili, na mabaki yanatupwa. A5 nayo inatoka mara mbili, bila mabaki. Kwa kadi 200, njia zote mbili zinakula karatasi 100 za A4. Kwa hiyo huongezi karatasi. Utaongeza malipo ya kuchapa upande wa pili na ya kukunja, na hayo uyaulize mapema.

Ugomvi wako na mama mkwe ni mwepesi kuliko unavyodhani. Kadi hiyo iliyokunjwa ina mgongo wa milimita 148. Ukiuweka mgongo kushoto, kadi imesimama na inafunguka kama kitabu. Ukiuweka juu, kadi imelala na inafunguka kwenda juu. Karatasi ni ileile na bahasha ni ileile. Kinachoamua ni picha. Nyinyi mmesimama, mnaonekana mpaka miguuni. Kwenye kadi iliyolala, picha hiyo itakuwa kijistari katikati na utupu pande zote mbili, au mchapaji atawakata magoti. Isimamishe. Ndani, ukurasa wa kushoto weka familia zote mbili, hapo mama mkwe aone jina lake limepewa nafasi, na wa kulia ratiba. Ikiwa bado anataka iliyolala, basi mpige picha nyingine mkiwa mmekaa.

Kwa mchapaji, omba karatasi ya gramu 250 badala ya 300, na umwambie apitishe mstari wa mkunjo kwa kifaa kabla ya kukunja. Karatasi ina nyuzi, na hukunjika vizuri mkunjo ukifuata zinakoelekea. Kwenye A4 nyingi nyuzi hufuata upande mrefu, na ukikata A5 kutoka humo, mgongo wako wa 148 unafuata nyuzi hizo. Kuhakikisha, pinda karatasi nzima taratibu kwa urefu, kisha kwa upana. Mpindo unaokubali kwa urahisi ndio unaofuata nyuzi.

Na kama unataka rangi ifike ukingoni, mashine nyingi ndogo huacha ukanda mweupe wa milimita nne au tano pembeni mwa A4. Mchapaji atalazimika kukata, na kadi ikikunjwa itakuwa kama 100 kwa 143. Bado itakaa vizuri kwenye C6, mradi maandishi na fremu visikaribie ukingo.

Kabla hajachapa, kata karatasi ya kawaida nusu ya A4, ikunje, andika 1 mpaka 4 kwenye kurasa, umkabidhi. Kosa la kawaida kwenye kadi ya kukunja ni ndani kutoka kichwa chini. Majina ya wageni yaandike kwenye bahasha ikiwa tupu, ili kalamu isiache alama kwenye kadi. Kisha ingiza kadi mgongo ukitangulia chini, picha ikielekea kifuniko. Na usilipe malipo ya mwisho mpaka umeingiza kadi moja, iliyokwisha kukunjwa, kwenye bahasha yako mwenyewe uliyokwenda nayo.

Tantini