KUPANGA MASHINDANO YA KIKOMBE: NJIA TATU NA HAKI YA KILA MOJA

Kamati ya mpira ikiisha kupata kikombe na kiwanja, swali la kwanza ni hili: timu zitakutanaje? Wengi hulijibu kwa haraka, kisha ugomvi huzuka mwishoni, timu moja ikidai kwamba imeonewa ingawa mwamuzi hakukosea hata mara moja. Aghalabu dai hilo lina ukweli, kwa maana namna ya kupanga mashindano yaweza kumnyima mtu haki kabla mpira haujapigwa. Basi leo tutazipima njia tatu zinazotumika, na kuona kila moja yataka michezo mingapi na yampa nani haki.

Na tuchukue mfano wa tarafa yenye timu 16 na kiwanja kimoja. Kiwanjani hapo huchezwa michezo miwili Jumamosi na miwili Jumapili, yaani minne kwa juma.

NJIA YA KWANZA: MTOANO

Katika mtoano, timu ikishindwa mara moja imekwenda zake. Hesabu yake ni nyepesi sana. Kila mchezo huondoa timu moja, na ili abaki mshindi mmoja katika 16 yapasa 15 ziondoke. Kwa hiyo michezo ni 15, haizidi wala haipungui. Raundi ya kwanza huchukua majuma mawili, na robo fainali, nusu fainali na fainali juma moja kila moja. Kazi yote yaisha kwa majuma matano.

Ikiwa idadi ya timu si 4, 8, 16 au 32, baadhi yao hupita raundi ya kwanza bila kucheza. Timu zikiwa 11, twatazama idadi iliyo juu yake, yaani 16. Tofauti ni tano, basi timu tano hupita kwa kura, na sita zilizobaki hucheza michezo mitatu. Washindi watatu wakijumlishwa na wale watano, timu huwa nane, na mambo huendelea sawasawa.

Mtoano ni wa haraka, lakini haki yake ni haba. Kwanza, siku moja mbaya yatosha kuitoa timu hodari. Pili, na jambo hili wengi hawalitambui, aliyeshindwa katika fainali si lazima awe wa pili kwa uhodari. Tuseme katika zile timu 16 ziko mbili zinazozipita nyingine zote. Ile ya kwanza ikiisha kuwekwa mahali pake, zabaki nafasi 15, na saba kati ya hizo ziko katika nusu ile ile ya ratiba. Kwa hiyo, karibu mara moja katika kila mara mbili, hodari hao wawili watakutana kabla ya fainali, na wa pili atarudi nyumbani mapema huku mdogo wake akipokea zawadi ya pili. Dawa yake ni kutenga timu zinazojulikana kuwa hodari, moja katika kila nusu ya ratiba, ndipo kura ipigwe kwa zilizosalia.

NJIA YA PILI: LIGI

Katika ligi, kila timu hukutana na kila mwenzake. Timu 16, kila moja ikicheza michezo 15, zatupa 240. Lakini kila mchezo umehesabiwa mara mbili, kwa kuwa una timu mbili, basi twagawanya kwa mbili na kupata michezo 120. Kwa kiwanja chetu kimoja, hayo ni majuma 30.

Hakuna njia iliyo ya haki kuliko hii. Kura haina nguvu tena, siku moja mbaya hufidiwa na siku nyingine njema, na orodha ya mwisho huonyesha nafasi ya kila timu, tangu wa kwanza hata wa 16. Lakini ina kasoro yake. Karibu na mwisho, timu nyingine hazina tena la kutumaini wala la kuogopa, nazo huenda zikacheza kwa ulegevu au zisifike kabisa. Ulegevu huo humfaidi yule apangiwaye kucheza nazo mwishoni, na kumdhuru mshindani wake aliyekutana nazo zingali na nguvu.

NJIA YA TATU: MAKUNDI, KISHA MTOANO

Njia hii ni mchanganyiko wa zile mbili. Timu 16 zagawanywa katika makundi manne ya timu nne. Ndani ya kundi moja ligi ndogo huwa na michezo sita, basi makundi yote ni 24. Timu mbili za kwanza katika kila kundi huingia robo fainali, na mtoano wa timu nane huwa na michezo saba. Jumla ni 31, kwa majuma tisa. Kila timu huhakikishiwa michezo mitatu, na siku moja mbaya haiiui.

Lakini humu mna mtego, nao ulinasa hata mashindano makubwa ya dunia. Mwaka 1982, katika Kombe la Dunia huko Hispania, kundi moja lilikuwa na Ujerumani Magharibi, Austria, Aljeria na Chile. Aljeria iliwashangaza watu kwa kuishinda Ujerumani 2–1. Ilishindwa na Austria 0–2, kisha tarehe 24 Juni ikaishinda Chile 3–2. Ushindi siku hizo ulikuwa na pointi mbili, basi Aljeria ikawa imemaliza michezo yake na pointi nne, mabao matano ya kufunga na matano ya kufungwa.

Siku iliyofuata, Ujerumani na Austria zilikutana mjini Gijon, kila moja ikijua hesabu yote. Austria ilikuwa na pointi nne, imefunga matatu wala haijafungwa hata moja. Ujerumani ilikuwa na pointi mbili. Ujerumani ikishinda kwa bao moja au mawili, zote mbili zapita na Aljeria yatoka. Katika dakika ya 10 Ujerumani ilifunga bao. Baada ya hapo pande zote mbili zilipasiana mpira polepole hadi mwisho, huku watazamaji wakizomea. Matokeo yalikuwa 1–0. Timu tatu zilikuwa na pointi nne kila moja, na Aljeria ikatolewa kwa tofauti ya mabao. Ililalamika, lakini haikusikilizwa, kwa kuwa hakuna sheria iliyovunjwa.

Msomaji na aone vema kosa lilikuwa wapi. Halikuwa katika kura wala kwa mwamuzi, bali katika ratiba: timu mbili zilicheza baada ya ya tatu kumaliza, nazo zikajua matokeo yaliyozifaa zote mbili. Hazikuhitaji hata kupatana kwa maneno. Tangu Kombe la Dunia la 1986, michezo miwili ya mwisho ya kila kundi huchezwa saa moja.

Tarafa yetu yenye kiwanja kimoja haiwezi kufanya hivyo isipoazima kiwanja cha jirani kwa siku hizo za mwisho. Ikiwa hakipatikani, kundi la timu tatu ni baya zaidi, maana siku zote timu moja hubaki nje ikitazama mchezo wa mwisho. Kamati yenye muda wa majuma matano tu na ichague mtoano, ikitenga hodari wake wawili; yenye majuma tisa na viwanja viwili mwishoni na ichague makundi. Tena, kabla ya mchezo wa kwanza, iandike na kubandika jinsi timu zenye pointi sawa zitakavyotenganishwa, maana sheria itungwayo baada ya matokeo kujulikana huwa tayari ina mwenyewe.