Dondoo muhimu: Bakuli kubwa, kalori chache

Maji hayana kalori hata moja, na tango ni maji kwa takriban asilimia 95. Ndiyo maana gramu 100 za tango zina kalori kama 15 tu. Nyanya zina kama 18, na tikitimaji kama 30.

Pima kachumbari yako. Nyanya gramu 300, tango gramu 200 na kitunguu gramu 50 hujaza bakuli la zaidi ya nusu kilo, lakini kalori zake hazizidi 110 hivi.

Angalia mafuta. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kula kina kalori kama 120, nyingi kuliko bakuli zima la kachumbari hiyo. Tumia ndimu, chumvi kidogo na pilipili.

Tikitimaji lina kikomo. Kipande cha gramu 300 bila ganda kina kalori kama 90. Ukila kilo nzima, unafika 300, nyingi zikitoka kwenye sukari yake.

Tafuna, usikamue. Ukichuja juisi ya tikitimaji unaacha nyuzinyuzi. Ukiongeza sukari, kila kijiko cha chai kinaleta kalori kama 16.

Usiifanye kachumbari kuwa mlo kamili. Maji hujaza tumbo mapema, lakini njaa hurudi upesi kwa sababu protini ni kidogo. Kula kachumbari pamoja na maharage, samaki au yai, na upunguze wali.