Somo la Sita: Pesa ya Droo na Faida ya Duka

Ndugu mwanakisomo, katika somo hili tutatumia daftari moja, kalamu moja na mizani. Tutajifunza jinsi mwenye duka anavyoweza kuijua faida yake ya mwezi. Tuanze na habari ya mume na mke wenye duka dogo kijijini. Wanauza sukari, sabuni, chumvi, viberiti, mafuta ya kula na mikate.

Mwisho wa mwezi mmoja mume alifungua daftari. Alikuwa ameandika mauzo ya kila siku na manunuzi yote. Akajumlisha. Mauzo ya mwezi yalikuwa Sh. 1,450,000/=. Mali aliyonunua mjini mwezi huo ilikuwa ya Sh. 1,100,000/=. Gharama zake, yaani kodi ya chumba, nauli ya kuleta mali na mifuko ya kufungia, zilikuwa Sh. 100,000/=. Akatoa manunuzi na gharama kutoka katika mauzo. Zikabaki Sh. 250,000/=. Pesa hizo zilikuwapo kweli, maana waliokopa walikuwa wamekwisha kulipa.

Akamwambia mkewe, "Mama watoto, tumepata faida ya laki mbili na nusu. Kesho nakwenda kununua mabati manane. Bati moja ni elfu thelathini."

Mke akatazama rafu za duka. Akajibu, "Baba watoto, mwezi uliopita rafu hii ya juu ilijaa sabuni. Leo naona ubao. Je, hiyo sabuni iliyokwisha imo katika hesabu yako?"

Swali hilo ndilo somo letu la leo.

MAUZO YA SIKU

Kwanza tuone jinsi mume alivyopata mauzo ya kila siku. Katika duka dogo mtu hawezi kuandika kila kiberiti anachouza. Wateja ni wengi na vitu ni vidogo. Basi huhesabu pesa mara mbili: asubuhi kabla ya kufungua duka, na jioni baada ya kulifunga. Siku hizi wateja wengine hulipa kwa simu. Basi pesa iliyomo katika simu ya duka nayo huhesabiwa asubuhi na jioni, pamoja na ya droo.

Chukua siku moja. Asubuhi droo ilikuwa na chenji ya Sh. 10,000/=. Jioni zilikuwamo Sh. 47,500/=. Ukitoa chenji, zinabaki Sh. 37,500/=. Lakini hayo siyo mauzo bado. Mchana mume alitoa Sh. 6,000/= kumlipa mleta mikate, na Sh. 2,000/= za kitoweo cha nyumbani. Pesa hizo zilitokana na mauzo, ila zimekwisha toka. Tuzirudishe katika hesabu: 37,500 na 8,000 ni 45,500. Tena, mteja mmoja alichukua mali ya Sh. 3,500/= kwa mkopo. Mali imetoka, kwa hiyo ni mauzo ya leo ingawa pesa haijaingia. Tunapata 49,000. Mwisho, mteja mwingine alilipa deni la zamani, Sh. 5,000/=. Pesa hiyo imo katika droo, lakini mauzo yake yaliandikwa siku alipokopa. Tuitoe. Mauzo ya leo ni Sh. 44,000/=.

Hesabu hii ni nyepesi kama kila pesa inayotoka imeandikwa saa ileile. Mwenye duka akisema, "Nitaandika jioni," hukumbuka ile ya mikate na kusahau ile ya kitoweo. Na zile Sh. 6,000/= za mikate lazima ziandikwe tena katika ukurasa wa manunuzi, kwa sababu mikate ni mali ya duka.

Mume huyu aliyafanya hayo yote vizuri. Mauzo yake yalikuwa sahihi. Kosa lake lilikuwa mahali pengine.

KUHESABU MALI ILIYOMO DUKANI

Alidhani kwamba mali aliyouza ni ile aliyonunua mwezi huo tu. Sivyo. Aliuza pia mali iliyokuwamo tangu mwezi uliopita. Ili kujua ni mali ya kiasi gani iliyotoka, ni lazima kuhesabu mali iliyomo mwanzo wa mwezi na iliyomo mwisho wa mwezi.

Kazi hiyo hufanywa usiku, duka likiwa limefungwa, ili mali isiuzwe huku inahesabiwa. Inafaa wawe watu wawili. Mmoja ahesabu na kutaja kwa sauti, mwingine aandike. Muanze rafu ya juu kushoto, mshuke hadi chini, kisha magunia ya sakafuni. Msirukeruke, maana mnaweza kuhesabu kitu kimoja mara mbili. Gunia lililofunguliwa lipimwe kwa mizani. Kukisia kwa macho hakufai, kwani gunia lililolegea huonekana lina sukari nyingi kuliko iliyomo. Kitu kilichoharibika, kama unga wenye wadudu, kisiandikwe kuwa ni mali.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana wengi hukosea. Mali huandikwa kwa bei ya kununulia, siyo bei ya kuuzia. Mfano ni sukari. Mfuko wa kilo 50 ulinunuliwa kwa Sh. 130,000/=. Kwa hiyo kilo moja ilinunuliwa kwa Sh. 2,600/=. Dukani kilo moja inauzwa Sh. 3,000/=. Katika mizani zimebaki kilo 18. Tunaandika 18 mara 2,600, yaani Sh. 46,800/=. Ukiandika kwa bei ya 3,000 utapata Sh. 54,000/=. Utakuwa umehesabu faida ya sukari ambayo bado imo katika mfuko na hakuna aliyeinunua.

Mke na mume walihesabu hadi usiku wa manane. Mwanzo wa mwezi daftari lilionyesha mali ya Sh. 800,000/=. Usiku ule walikuta mali ya Sh. 640,000/=. Mali ilikuwa imepungua kwa Sh. 160,000/=. Hiyo ndiyo sabuni aliyoiulizia mke, pamoja na vitu vingine.

HESABU YA FAIDA

Waliandika hivi:

Mali ya mwanzo wa mwezi: 800,000
Ongeza manunuzi: 1,100,000
Jumla: 1,900,000
Toa mali ya mwisho wa mwezi: 640,000
Mali iliyotoka dukani: 1,260,000

Mauzo yalikuwa 1,450,000. Toa mali iliyotoka, 1,260,000. Zinabaki 190,000. Toa gharama, 100,000. Zinabaki Sh. 90,000/= tu.

Mume alinyamaza. Mabati manane ni Sh. 240,000/=. Kama angeyanunua, Sh. 90,000/= zingetoka katika faida, na Sh. 150,000/= zilizobaki zingetoka katika mtaji. Nyumba ingepata bati na duka lingekosa sabuni. Mteja akikosa sabuni mara mbili huenda duka la jirani, na huko hununua na sukari.

WAPI ILIKOKWENDA FAIDA?

Lakini mke hakuridhika. Alijua kwamba wao huongeza takriban Sh. 200/= juu ya kila Sh. 1,000/= za kununulia. Mali ya Sh. 1,260,000/= ikiongezwa hivyo ingeuzwa kwa Sh. 1,512,000/=. Mauzo yao yalikuwa Sh. 1,450,000/=. Zimepungua Sh. 62,000/=. Je, zimekwenda wapi?

Upungufu wa namna hii una sababu chache. Labda mizani inampa mteja zaidi. Labda kuna mkopo ambao haukuandikwa. Labda bei ya mjini ilipanda na bei ya dukani haikubadilishwa. Labda kuna mkono wa mtu. Mume alianza kumshuku kijana anayewasaidia dukani. (Kijana wa duka ndiye hushukiwa kwanza siku zote, hata kabla daftari halijafunguliwa.)

Mke akauliza, "Na sukari ya chai ya nyumbani hutoka wapi?"

Wakakaa kuhesabu. Nyumba yao ina watu wengi. Kila siku huchukua nusu kilo ya sukari dukani. Kwa siku 30 ni kilo 15, na kwa bei ya kununulia ni Sh. 39,000/=. Miche minne ya sabuni, kila mmoja Sh. 2,000/=, ni Sh. 8,000/=. Chumvi na viberiti ni Sh. 3,000/=. Jumla ni Sh. 50,000/=. Hakuna hata kimoja kilichoandikwa.

Mali hiyo ilitoka dukani, lakini haikuuzwa. Basi mali iliyouzwa hasa ni 1,260,000 toa 50,000, yaani Sh. 1,210,000/=. Ukiongeza 200 kwa kila 1,000 unapata Sh. 1,452,000/=. Mauzo yalikuwa 1,450,000. Tofauti ni Sh. 2,000/= tu, na hiyo yaweza kuwa sukari inayomwagika wakati wa kupima. Kijana hakuwa na kosa.

Kwa hiyo faida ya duka mwezi ule ilikuwa Sh. 140,000/=. Katika hizo, Sh. 50,000/= zilikwisha liwa nyumbani kwa chai na kufulia. Sh. 90,000/= ndizo waliweza kuzitoa bila kugusa mtaji. Walinunua mabati matatu.

Tangu hapo waliweka ukurasa wa pembeni katika daftari, wenye kichwa "Vya Nyumbani". Mtoto akitumwa sukari, huandikwa tarehe, kitu, kiasi, na bei ya kununulia. Kama mtoto anasoma shule, huandika mwenyewe.

Hesabu hii ina mpaka wake. Haiwezi kukuambia ni kitu gani hasa kilichopotea. Inakuambia kiasi tu. Kama unashuku kitu kimoja, kwa mfano mafuta ya kula, kiwekee ukurasa wake: kilichokuwamo, kilichoongezwa, kilichouzwa. Kipime kila jioni kwa juma moja. Usifanye hivyo kwa kila kitu, utachoka na kuliacha daftari.

MAZOEZI

1. Asubuhi droo ina Sh. 8,000/=. Jioni ina Sh. 39,000/=. Mchana zilitolewa Sh. 4,000/= za mikate. Mali ya Sh. 2,500/= ilikopeshwa. Deni la zamani la Sh. 1,500/= lililipwa. Mauzo ya siku hiyo ni kiasi gani?

2. Mfuko wa chumvi wenye pakiti 20 ulinunuliwa kwa Sh. 8,000/=. Pakiti moja huuzwa Sh. 500/=. Zimebaki pakiti 7. Utaandika mali ya shilingi ngapi?

3. Mwenye duka ana mali ya Sh. 500,000/= mwanzo wa mwezi. Amenunua mali ya Sh. 700,000/=. Mwisho wa mwezi amebaki na mali ya Sh. 560,000/=. Mauzo ni Sh. 760,000/= na gharama ni Sh. 50,000/=. Faida yake ni kiasi gani? Mwenyewe analalamika kwamba katika droo mna pesa kidogo kuliko faida hiyo. Mweleze pesa nyingine imo wapi.

Majibu: 1. Sh. 36,000/=. 2. Sh. 2,800/=. 3. Faida ni Sh. 70,000/=. Pesa iliyobaki kwake ni Sh. 10,000/=. Sh. 60,000/= zimo katika rafu, kwa sababu mali yake imeongezeka kutoka 500,000 hadi 560,000.