Jinsi ya kumwandikia mwenye kiwanda asiyekujua

Una kanta inayoleta viazi Nairobi kutoka Nakuru kila Jumanne na Ijumaa, kisha inarudi tupu. Pale Kariobangi Light Industries kuna mama mwenye kiwanda kidogo cha sabuni, na wateja wake wako Nakuru. Hamjuani. Utamwandikia nini?

Wengi wetu huanza hivi: "Mpendwa mteja, sisi ni kampuni bora ya usafirishaji, huduma ya haraka na nafuu. Lipa sh. 500 ya kubuki, bonyeza linki hii." Huyo mama ataifuta mara moja. Haijasema lolote kuhusu mzigo wake, na kuomba pesa kabla ya kazi ndiyo mbinu ya matapeli. Tumemwambia kila siku ajihadhari na meseji kama hiyo.

Jaribu hii badala yake. Anza na jina lako na la kampuni, halafu:

"Habari mama. Niliona sabuni yenu kwa duka la jumla Nakuru, mwenye duka akasema mzigo hukawia. Kanta yetu hurudi Nakuru Jumanne na Ijumaa saa nane mchana. Katoni moja ni sh. 60, kutoka mlango wa kiwanda hadi dukani, kupakia na kushusha ni juu yetu. Unalipa mzigo ukishapokelewa. Je, Ijumaa hii una katoni za kwenda Nakuru?"

Sentensi ya kwanza inaonyesha umefika dukani kweli, kwa hivyo usiitunge. Bei iko wazi, anaweza kupiga hesabu papo hapo: katoni 50 ni sh. 3,000. Ukisahau kutaja nani anapakia na kushusha, mtagombana mkifika dukani. Na swali la mwisho ni moja tu, linajibika kwa "ndiyo" au "hapana".

Akijibu "Mnatoka wapi? Bei gani?", jua umeacha jambo muhimu. Rekebisha kabla ya kumwandikia mwingine.

Akikubali, mtumie nambari ya Till ya biashara. Jina linalotokea kwa simu yake anapolipa linafaa kuwa lile lile uliloandika kwa meseji. Likitokea jina la mtu asiyemjua, atasita, na ana haki ya kusita.

Asipojibu, mkumbushe mara moja tu, siku moja kabla ya safari inayofuata. Akisema hataki, futa nambari yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa haki ya kukataa matangazo.

Na usiitume kwa viwanda hamsini kwa mpigo. Ikiwa meseji yako inamfaa kila mtu bila kubadilisha neno, basi bado hujamwandikia mtu yeyote.